Mpira, Mpira, Mpira

Duka la vifaa tunalochukulia bidhaa kule Mwanjelwa lina neno moja linalotosha nusu ya mali yake: mpira. Ukinunua bomba laini la kumwagia maji, wanaandika mpira. Buti za kukanyagia matope, mpira. Tyubu ya gurudumu, mpira. Na mpira wenyewe wa miguu, nao ni mpira, sijui ungeitwaje tena.

Mimi ni karani wa ankara katika kiwanda kimoja hapa Iyunga, mahali ambapo honi ya treni ya TAZARA tunaisikia tukiwa mezani. Kazi yangu ni kuandika namba mbili pembeni mwa kila mstari wa ankara. Ya kwanza inasema fedha imeliwa na nini, ya pili inasema imeliwa na nani. Kwa mfano, 6310-100 kwetu ni vifaa vya usalama kazini, idara ya uzalishaji. 6480-300 ni ustawi na michezo, idara ya utawala. Ukiwa na orodha ya akaunti mkononi, unaona kazi yenyewe ni ya kukaa tu.

Basi asubuhi moja ya Julai, baridi imenikamata vidole hadi kalamu naishika kama mwiko, ikaja ankara ya Mwanjelwa. Mbele wameibana risiti ya mashine ya kodi, nami nikaona nisijisumbue kufunua. Risiti ilisema:

MPIRA 150,000
MPIRA 300,000
MPIRA 160,000

Jumla 610,000, kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18 ni 109,800, deni lote 719,800. Wiki hiyo kiwanda kizima kilikuwa na habari moja, mechi ya Jumamosi kati ya gereji na uzalishaji. Unataka nifikiri nini? Kodi nikaipeleka kwenye akaunti yake, na mistari yote mitatu nikaipiga 6480-300.

Mwuzaji akalipwa chake. Urari wa mwezi ukakaa sawa, senti haikupotea. Ubaya wa urari ni huo: unajua kama kushoto kumelingana na kulia, haujui kama umeziita buti mpira wa miguu.

Aliyejua ni afisa ustawi. Ripoti ya bajeti ilimpa 200,000 za michezo kwa mwezi, ikaonyesha ametumia 610,000. Akaja mezani kwangu taratibu, ripoti imekunjwa kwapani.

"Mdogo wangu, hii mipira ya laki sita nimecheza na nani?"

Mhasibu wetu, mama mmoja mpole anayetisha, hakugomba. Aliniambia nisitazame tu akaunti iliyovimba, nitazame na iliyokonda. Nikatazama. Uzalishaji, vifaa vya usalama: sifuri. Wakati huohuo vijana wa uzalishaji walikuwa wanapita dirishani na buti mpya zinazolia kwechekweche.

Nikaifunua ankara yenyewe. Mstari wa kwanza, mita 50: huo ni wa kuoshea sakafu, 6150-100. Wa pili, pea 12: buti, 6310-100. Wa tatu, "pc 4". Nimeshapata akili sasa, nikajiambia hizi ni tyubu za malori, matengenezo ya magari, 6220-200. Nikaandika hati ya marekebisho: 610,000 zikatoka michezo, zikagawanywa sehemu tatu. Nikanywa chai.

Kabla haijaisha, fundi mkuu wa gereji akawa mlangoni.

"Mwanangu, malori yangu hayavai tyubu tangu wewe uko sekondari. Hiyo 160,000 umenibambikia ya nini?"

Hapo ndipo nilipokwenda stoo, mahali pa kuanzia. Mama wa stoo akafungua jalada la hati za kupokelea mali, akanisomea kwa sauti ili na waliopo wafaidi: "Mpira wa miguu, saizi 5, minne. Umesainiwa na afisa ustawi." Mstari pekee niliokuwa nimepatia tangu mwanzo ndio niliousahihisha ukawa kosa.

Hati ya pili ya marekebisho ikarudisha 160,000 michezoni. Mama mhasibu akaniongezea na 28,800, kodi ya hiyo mipira, niitoe kwenye kodi ya kudai. Sheria ya kodi hiyo ya mwaka 2014 inakataa kodi ya manunuzi ya burudani, na yeye hakutaka kubishana na mkaguzi kama Jumamosi ile ilikuwa kazi au burudani. Michezo ikasimama 188,800, ndani ya bajeti.

Sasa ankara ya Mwanjelwa siiandiki namba mpaka nione hati ya kupokelea mali. Jana imekuja nyingine. Mstari wa kwanza umeandikwa "waya".