Mwizi Mkubwa We!

Rafiki yangu Mnyamwezi hajapata kunisalimia bila kunituhumu. Tukikutana Ilala Boma, tukikutana Karume kwenye mitumba, hata tukikutana kwenye foleni ya hospitali, kwanza nitakuwa mwizi, halafu ndipo nitaulizwa hali ya watoto. "We mwizi, bado hawajakukamata tu?" Nami humjibu kwamba wangenikamata vipi wakati askari wote wa mjini wanamsaka yeye, mwizi wa asali aliyetoroka Tabora na mizinga ya watu. Hapo tunashikana mikono na kucheka, habari za nyumbani zinafuata, na mtu anayetusikia kwa mara ya kwanza anauhamisha mkoba wake kutoka begani kuuleta kifuani.

Kesi yetu ni ya zamani kuliko sisi. Mimi ni Mzaramo, na karne ya 19, misafara ya wapagazi wa Kinyamwezi ilipokuwa ikishuka pwani na pembe za ndovu, njia zake zilipita Uzaramo. Kupita kulikuwa na hongo: wenye nchi walidai vitambaa na shanga ndipo wafungue njia. Ukimsikiliza rafiki yangu, ule ulikuwa wizi wa mchana kweupe, na mimi ndiye niliyekula vile vitambaa. Ukinisikiliza mimi, misafara yao ilipita ikichimba mihogo ya babu zangu, na mpaka leo hatujalipwa hata kisamvu. Hatuna ushahidi, wala hakuna anayeutafuta. Wazee walioviziana njiani walikuja kuzoeana, wakauziana, wakazikana, na kilichobaki katika ugomvi wao ni leseni ya kutukanana ambayo sisi wajukuu tunaitumia bila kulipia ushuru.

Wageni wamehangaika sana na jambo hili. Miaka ya 1940 Mwingereza mmoja, R. E. Moreau, aliyekuwa kule Amani, Usambara, na anayejulikana zaidi kwa kuchunguza ndege, aliweka ndege pembeni akaandika makala ndefu kuhusu utani wa makabila ya Tanganyika. Mimi namwelewa. Ukikaa mahali ambapo watu wazima wawili wanaitana wezi kisha wanakula sahani moja, hata kama ulikuja kuhesabu chozi, lazima utainua kichwa.

Utani una sheria zake, ingawa watani wenyewe hawakuziandika. Ya kwanza ni kwamba anayekasirika ameshindwa, na hulipa. Ya pili ni kwamba hutukani mbele ya mkwe; mkwe akitokea, mwizi anageuka ghafla kuwa "bwana" na suruali inavutwa juu. Lakini sheria kubwa, ambayo wengi hawaioni mpaka ivunjwe, ni kwamba tuhuma lazima iwe ya uongo. Naweza kumwita rafiki yangu mwizi kwa sababu sote wawili tunajua hajaiba. Kulikuwa na fundi mmoja mtaani kwetu, watu wote walimwita mwizi kwa mapenzi kabisa, hadi siku mashine ya kukoboa ya jirani ilipopatikana chini ya kitanda chake. Tangu siku hiyo kila mtu anamwita "fundi". Hajawahi kuheshimiwa kiasi hicho maishani mwake, na hajawahi kuwa mpweke kiasi hicho.

Shida ni kwamba sheria hizi zilitungwa na watu waliojuana. Njiani kwenda Uzaramo, kila aliyekuwepo alijua nani ni nani. Kariakoo hakuna anayemjua mwenzake, na neno "mwizi" lina kazi nyingine kabisa. Anayefuatilia magazeti anakijua kile kifungu, "wananchi wenye hasira kali", na anajua habari huwa inaishia wapi. Tofauti kati ya salamu na hukumu ya kifo ni ndogo sana. Salamu inasema "we mwizi", inaelekezwa kwa mtu, inasemwa karibu, mkono ukiwa umeshanyooshwa. Ile nyingine haimsemeshi mtu. Inasemwa kwa mbali, mara mbili mbili, na inawaita watu wengine.

Sasa rafiki yangu siku moja alikuwa ghorofa ya pili.

Alikuwa amekwenda kuchukua mzigo wa vitenge kwenye duka la juu, Mtaa wa Kongo, jioni ya msimu wa sikukuu, saa ile ambayo barabara imejaa meza za machinga na unatembea kwa mabega. Mimi nilikuwa chini, nimebeba boksi la blenda aliyoniagiza mke wangu, sina mfuko, nakimbilia Msimbazi kuwahi daladala. Akaniona. Mkono wake haukunifikia, kwa hiyo akatumia sauti. "Mwizi! Mwizi huyo! Mshikeni asipite!"

Katika maisha yangu yote ya Dar es Salaam sijawahi kuhudumiwa haraka vile. Kabla sijainua kichwa nilikuwa nimeshikwa kola, mkanda na mikono yote miwili. Muuza soksi mmoja, ambaye sijui alinijulia wapi, akanipiga kofi la shingo la kufungulia kikao. Wakauliza blenda nimeiba duka gani. Nikasema nina risiti, na kweli nilikuwa nayo, ila muuzaji alikuwa ameitumbukiza ndani ya boksi kisha akalizungushia gundi ya karatasi mara nne. Nikaomba mikono yangu nifungue boksi. Wakaona sasa mwizi anataka kuharibu ushahidi.

Rafiki yangu alishuka ngazi zile akiwa ameacha kiatu kimoja juu. "Mwacheni! Ni mtani wangu!" Hilo lilituongezea matatizo, kwa sababu Kariakoo kila kibaka akikamatwa hutokea ndugu yake akalia hivyo hivyo, na mzoefu mmoja akashauri tushikwe wote. Tuliokolewa na mzee muuza kahawa. Aliweka birika lake chini, akapenya katikati ya watu akiwa bado anagonganisha vikombe, akaniangalia.

"We kijana kabila gani?"

"Mzaramo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Na wewe mwenye kiatu kimoja?"

"Mnyamwezi. Wa Tabora."

Yule mzee hakusema kitu. Alicheka tu, akacheka mpaka akashika goti, na kicheko kikahama kwake kikaenda kwa waliosimama mbele, kikapita nyuma mpaka kwa wale waliokuwa bado wanatafuta mawe. Mtu akasema, "Kumbe watani hawa!" na kola yangu ikaachiwa. Mwingine akanifuta vumbi begani. Lakini umati uliokusanyika kwa ajili ya kesi hautawanyiki bila hukumu, kwa hiyo ikahukumiwa papo hapo kwamba Mnyamwezi amepoteza muda wa watu na atawanywesha kahawa wote waliohudhuria, pamoja na kashata. Akalipa. Muuza soksi aliyenipiga kofi alikunywa vikombe viwili, akanipa pole, akajaribu kuniuzia soksi.

Baada ya hapo tulikaa chini kama watu wazima tukakubaliana kwamba "mwizi" sasa ni la ndani: barazani, msibani, kwenye harusi, mahali ambapo angalau nusu ya waliopo wanatujua. Kwa matumizi ya barabarani tukachagua tusi jingine lisilokusanya watu. Tukachagua "marehemu". Tuliliona zuri sana. Nani atamkimbiza marehemu?

Kwa miezi kadhaa lilifanya kazi. "Marehemu, umetoroka tena kaburini?" "Nimekuja kukuchukua wewe, umechelewa." Abiria wenzetu kwenye mwendokasi waligeuka kidogo, wakatuombea kimoyomoyo, wakarudi kwenye simu zao. Kisha nikaugua malaria nikalala ndani siku kadhaa. Rafiki yangu akiwa kijiweni Karume, mtu akamuuliza mbona mwenzako haonekani, naye akajibu kwa mazoea: "Marehemu? Yule tumeshamzika." Aliyekuwa anapita nyuma yake, amebeba mafungu ya nyanya, alikuwa jirani yangu.

Jioni ile picha yangu iliwekwa kwenye kundi la simu la mtaa, na mshumaa unaowaka pembeni. Shangazi yangu wa Kisarawe alinipigia mimi mwenyewe, analia, kunijulisha kwamba nimefariki, na ilinichukua muda kumshawishi. Mke wangu alifungua geti akakuta vijana wameshateremsha viti vya plastiki wanauliza turubai lifungwe upande gani. Nilitoka nje na shuka begani kuwaeleza. Wawili walikimbia; wa tatu akasema viti vimeshakodiwa, kwa hiyo nani analipa?

Ila hayo yote yaliisha kwa kucheka. Kilichobaki ni rambirambi. Kwa kuwa kila mtu alijua mwenzangu wa karibu ni nani, pesa zilitumwa kwenye namba yake. Zilifika shilingi 85,000. Wengine walipogundua niko hai walidai zao wakarudishiwa, wengine waliona haya kudai, na zikabaki 35,000 ambazo, kwa hesabu yangu, zilichangwa kwa jina langu na kwa hiyo ni zangu.

Yeye anasema hapana. Anasema mimi Mzaramo najua vizuri haki ya mtani msibani, na ni kweli naijua. Mtani ndiye anayeigiza mwendo wa marehemu watu wakiwa wanalia, ndiye anayejilaza ndani ya kaburi akakataa kutoka mpaka alipwe, ndiye anayebeba sufuria la pilau akaondoka nalo na wenye msiba wakalazimika kulikomboa. Hakuna anayemwita mwizi kwa hayo. Kwa hiyo, anasema, msiba ulikuwepo, viti vilikuwepo, mtani alikuwepo, na amechukua chake. Nikamwambia kulikosekana kitu kimoja, maiti. Akanijibu kwamba hilo ni kosa langu.

Tumepeleka suala hili kwa wazee wawili, mmoja wa kwao na mmoja wa kwetu. Wametukanana wao kwa wao mchana kutwa, wakala, wakaaga, bila kutoa jibu. Mimi nilikuwa nimeamua kusubiri, kwani bado alikuwa ananiita mwizi kila tunapokutana, na mtu anayekuita mwizi huwa hajapoteza matumaini.

Juzi tumepishana Mtaa wa Uhuru. Alisimama, akavua kofia, akaniambia, "Habari za asubuhi, ndugu yangu. Nyumbani hawajambo?"

Nikajua ile hela imeshaliwa.