Kwa Heshima ya Swali la Duara

Nimefundisha hisabati huku Ainabkoi miaka ya kutosha kuyajua maradhi yangu. Baridi ya alfajiri inaniuma magoti, chaki inanikausha koo, na swali la duara linaninyima usingizi. Magoti yana dawa, koo lina chai. Swali la duara nimeamua kulisifu, maana mgeni asiyetaka kuondoka hatimaye hupewa kiti chake.

Nalisifu kwanza kwa utulivu. Maswali mengine ya KCSE yanakuja na habari ndefu za mfanyabiashara aliyenunua mayai yakavunjika njiani. Hili linakuja na duara moja, mistari michache na herufi, limekaa kimya kama mzee anayejua siri ya ukoo. Nalisifu kwa ukarimu, kwa sababu likitokea sehemu ya pili ya karatasi lina alama 10 nzima. Na halibagui: limemtoa jasho mtoto wa mwenye trekta na mtoto wa kibarua wake, katika baridi inayowafanya wote wawili wafanye mtihani wamevaa majaketi.

Lakini hizo ni sifa za kupita. Sifa yake kuu ni kwamba linafundisha watu kutoyaamini macho yao. Chini ya mchoro huandikwa onyo kuwa haukuchorwa kwa kipimo. Yaani mtunga swali anakuonyesha kitu, kisha anakuambia usiamini alichokuonyesha. Sasa, sisi watu wa Ainabkoi ni wakulima wa viazi, na tumeumizwa sana na macho. Dalali anakuja shambani na gunia, analijaza hadi mdomoni, kisha anashonea wavu juu na kuendelea kupanga viazi mpaka gunia linavaa kilemba. Hiyo ndiyo lumbesa, na bei yake ni ya gunia moja. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50, lakini mizani iko wapi? Tumetazama, tumeona gunia, tumelipwa gunia. Laiti kila lumbesa ingechapwa ubavuni maneno yale matukufu, haikuchorwa kwa kipimo! Kwa kweli ningependa onyo hilo libandikwe pia kwenye mabango ya wagombea, kwenye picha za wachumba, na kwenye taarifa ya fedha inayosomwa katika mkutano wa wazazi.

Wanafunzi wangu hawajaipokea sifa hii. Kila muhula kuna mmoja anayetoa protrakta. Nilimkuta msichana wa Kidato cha Tatu amelaza yake kwenye karatasi, jicho moja amelifumba. "Mwalimu, nimepima mara mbili, ni 47." Jibu lilikuwa 52. Hakuwa amedanganya, mchoro ndio uliodanganya, na ulikuwa umeshamwonya.

Swali lenyewe lilikuwa hivi, na msomaji achukue kalamu. Chora duara lenye kitovu O. Nje yake weka nukta T, na kutoka T vuta mistari miwili, kila mmoja uliguse duara mahali pamoja tu, mmoja kwenye A na mwingine kwenye B. Hizo ni tanjenti. Unganisha A na B. Mstari huo darasani tunauita kodi, na hauhusiani na KRA. Weka C kwenye mzingo, upande ulio mbali na T, na E kwenye tao dogo lililo karibu na T. Umepewa kwamba pembe TAB ni nyuzi 52.

Pembe ACB nayo ni 52, kwa sababu pembe kati ya tanjenti na kodi ni sawa na ile inayosimama juu ya kodi hiyo upande wa pili. Pembe AOB ya kitovuni ni mara mbili yake, yaani 104. TA na TB ni sawa kwa urefu, kwa hiyo TBA pia ni 52, na ATB inabaki 76. Mpaka hapo darasa linatembea pamoja.

Kisha inaulizwa AEB, na nusu ya darasa inaandika 52. Wanasema E pia imesimama juu ya AB, kama C. Ni kweli, lakini imesimama ng'ambo. Mimi huwaambia wafunike kwa kiganja upande mmoja wa kodi. Nukta za mzingoni zinazobaki kuonekana pamoja zina pembe sawa. Iliyofichwa chini ya kiganja inajumlishwa na hizo kupata 180. Kwa hiyo AEB ni 128. Wengine wanajumlisha AOB na ACB ili wapate 180, kwa kuwa wameona umbo la pembe nne. Kanuni hiyo inataka pembe zote nne ziguse mzingo, na O haigusi kitu, imekaa katikati kama mwenye nyumba.

Halafu kuna mabano yanayodai utoe sababu. Hapa ndipo heshima yangu inapoanza kunitoka. Mwanafunzi anaandika "tanjenti na kodi", anapata alama yake, na mimi natia vema, nikijua kwamba ameandika jina la kanuni kama mtu anayetaja neno la siri langoni. Sababu yenyewe ni mistari mitatu. Vuta kipenyo kutoka A kupitia O hadi D. Kipenyo na tanjenti vinakutana kwa nyuzi 90, kwa hiyo BAD ni 90 toa 52, yaani 38. Pembe ABD imesimama juu ya kipenyo, nayo ni 90, kwa hiyo ADB inabaki 52, na C iko upande mmoja na D. Basi. Yuklidi aliliandika jambo hili katika kitabu chake cha tatu, kanuni ya 32, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Sisi tunalifundisha kwa kupima maduara mawili kwa protrakta, tunasema "mmeona?", kisha tunamkaripia mtoto akirudi na protrakta ileile kwenye mtihani. Tena tunafanya hivyo kwa sababu ratiba inataka silabasi iishe mapema ili nafasi ibaki ya mitihani ya majaribio.

Na hiyo mitihani! Muhula uliopita tuliletewa mmoja ulionunuliwa mahali ambapo sitapataja. Ulikuwa nakala ya nakala ya nakala. Duara limekuwa yai, tanjenti imefifia kabla ya kuligusa, na herufi E haipo kabisa. Wanafunzi wameulizwa pembe AEB. Mwongozo wa kusahihisha unasema 52. Nilisahihisha karatasi 80 kwa taa ya simu, umeme ukiwa umepotea, nikiwakosesha kwa mujibu wa mwongozo watoto watatu walioweka E wenyewe na kupata 128. Saa sita usiku nilirudi mwanzo nikawapa alama zao. Kesho yake niliitwa kueleza kwa nini alama zangu hazilingani na za shule jirani.

Ndugu zangu mnaouza mitihani ya majaribio, kabla hamjafunga bahasha, mtu mmoja kati yenu akae chini na kalamu alijibu lile swali la duara mpaka mwisho.