Barua Isiyo na Mhuri

Meneja wetu hapa Bwera asionewe. Barua aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma mpaka mwisho, akauliza mhuri uko wapi.

Aliyeiandika ni kijana wa kukoboa kahawa, mtu asiye na adabu ya kuzungushazunguka. Kaandika tarehe, kataja mashine: ile ya pili, upande yanakopita magunia. Mkanda unaotoka kwenye injini hauna kinga, na Jumanne ulinasa mkono wa shati la mbebaji. Shati lilichanika, mkono ukapona. Anaomba injini izimwe hadi wavu wa chuma ufungwe kwa bolti nne, na ajibiwe kwa maandishi kabla ya Ijumaa. Nakala kabaki nayo, imesainiwa na aliyeipokea. Ukorofi ulioje! Eti Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mfanyakazi aripoti hatari kwa msimamizi wake. Mto Nyamwamba ulipofurika Kilembe Mei 2013 haukumsumbua mtu kwa barua, na mawaziri walifika.

Hata hivyo meneja alichukua hatua. Ijumaa hiyohiyo kilitundikwa kibao kipya, USALAMA KWANZA, kwa rangi nyekundu safi, ukutani nyuma ya mkanda. Herufi ni ndogo kidogo, basi anayetaka kukisoma huinama juu ya mkanda. Barua nayo haikutupwa. Imekunjwa mara nne, inazuia meza ya meneja isiyumbe. Meza inayoyumba ni hatari.