Sifa za Kitochi cha 4G

Simu janja haikosi wa kuisifu. Ina mabango makubwa barabarani na wasanii wanaolipwa kuishika mkononi huku wakitabasamu. Kitochi cha 4G hakina mtu. Wenye simu janja wanakicheka kwa sababu kina vibonyezo, na wenye vitochi vya kawaida wanakicheka kwa sababu mwenye nacho amelipa zaidi ili apate vibonyezo vilevile. Basi nimejitolea kuwa wakili wake, bila ujira, ingawa nakiri mapema kwamba mteja wangu ana makosa mengi na baadhi yake ameyatenda mbele ya mashahidi.

Nianze na hekima yake katika kuandika. Kibonyezo kimoja kinabeba herufi tatu au nne, na kila herufi ina gharama yake kwenye kidole gumba. Neno "ndiyo" linataka mibonyezo 12. Neno "hapana" linataka 8 tu. Mwenye shaka achukue kitochi ahesabu: 44, 2, 7, 2, 66, 2, kazi imekwisha. Ni chombo gani kingine kilichotengenezwa kwa namna ya kumrahisishia mtu kukataa kuliko kukubali? Na neno "hela" nalo ni mibonyezo 8 kamili, sawa na "hapana", kwa hiyo ombi na jibu lake yanagharimu jasho lilelile. Neno "shida" lina siri zaidi. Herufi h na i zinakaa kwenye kibonyezo kimoja, cha 4, kwa hiyo ukishaandika "sh" huna budi kusimama na kungoja kidogo kabla ya kuendelea na "ida". Wengi katika mapumziko hayo hukumbuka kwamba mwezi uliopita walimwandikia mtu huyohuyo neno hilohilo.

Simu janja haimpi mtu nafasi ya kujirudi. Hata inavyohesabu ujumbe ni kwa kificho. Ujumbe mmoja wa kawaida hubeba herufi 160, na Kiswahili kimebarikiwa hapa, maana hakina herufi zenye vitone wala vikofia, kwa hiyo kinaingia chote katika hesabu hiyo. Lakini ukitia kikatuni kimoja tu, kile cha mikono iliyokunjuliwa kwa dua au uso unaolia kwa kicheko, ujumbe mzima unahamia mfumo mwingine wa kuandika, na nafasi inashuka kutoka 160 hadi 70. Ukizidi hapo unakatwa vipande, kila kipande herufi 67, kwa sababu nafasi kidogo inatumika kuviunganisha vipande upande wa pili. Mchukulie mweka hazina wa kamati ya harusi anayewakumbusha wanakamati 80 michango yao kwa maneno yenye herufi 150. Kwenye kitochi anatumia meseji 80. Kwenye simu janja, akimalizia kwa kile kikatuni cha dua, kila mmoja anapelekewa vipande vitatu, na bando linakatwa meseji 240. Kitochi hakina vikatuni vya kumponza, na kwenye kona ya kioo chake namba inashuka herufi kwa herufi, 160, 159, 158, mpaka mtu anajifunza kufupisha salamu.

Kwa kupiga simu, simu janja ya bei ya chini ina visa vyake. Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ni ndogo, na imejaa mambo ambayo mwenye simu hakuyaomba, kwa hiyo simu ikiingia mlio unatangulia na jina la mpigaji linafuata baadaye kama mgeni aliyekosa basi. Mwenye mikono yenye unga au maji anapangusa kioo mara nne na simu inakatika. Nyingine hazina, au zina kibovu, kile kihisi kinachozima kioo simu ikiwa sikioni, hivyo shavu linaanza kubonyeza: linanyamazisha kinasa sauti au linakata mazungumzo katikati ya habari ya msiba. Shavu halijawahi kukata simu ya kitochi.

Sasa nifike kwenye ile 4G yenyewe, maana ndiyo inayofanya bei yake ipande juu ya kitochi cha kawaida, na hapa uwakili wangu unakuwa mgumu. Ukimuuliza muuzaji 4G ndani ya kitochi ni ya nini, atakwambia ni ya intaneti. Kweli, intaneti imo, kama bahari inavyoweza kuwamo ndani ya kikombe. Kioo ni cha upana wa vidole viwili, kurasa nyingi zinagoma kufunguka, na kibonyezo cha katikati mara nyingi kimewekewa njia ya mkato ya kuingia mtandaoni. Simu ikibonyezwa mfukoni inaingia yenyewe na kuanza kula salio kimyakimya. Dawa ni kuingia kwenye mipangilio siku ya kwanza na kuzima data. Yaani mtu analipia 4G dukani, kisha anaizima nyumbani. Huo nao ni ukarimu wa aina yake.

Lakini simu hizi zilishamiri kwa sababu nyingine. Mwaka 2016 kampuni ya Jio ilianza kazi India ikiwa na mtandao wa 4G peke yake, bila 2G wala 3G nyuma yake. Kitochi cha zamani hakikuwa na pa kushika. Mwaka 2017 ikaleta kitochi chake cha 4G, JioPhone, ambacho sauti ya mazungumzo yenyewe inapita kwenye 4G. Njia hiyo inaitwa VoLTE, na ndiyo kazi ya maana ya 4G kwa mtu asiyefanya lolote ila kupiga na kuandika. Simu inaunganishwa upesi, na kama wa upande wa pili naye ana simu na mtandao wa namna hiyo, sauti inakuja safi kiasi cha kusikia jogoo wake. Pasipokuwa na VoLTE, simu ya 4G ikitaka kupiga inashuka kwanza kwenye 3G au 2G, inazungumza huko, halafu inapanda tena. Kwa mpigaji, kitochi cha 4G kisicho na VoLTE inayofanya kazi ni kitochi cha kawaida kilichovaa suti.

Shangazi yangu wa kijijini, juu ya Korogwe, aliponitaka nimsindikize kununua simu mjini, tulilipima jambo hili papo hapo dukani. Tuliweka laini yake kwenye kitochi cha 4G cha kwanza, na juu ya kioo pakaandikwa 4G, kwa hiyo laini yenyewe ilikuwa nzima. Laini ya zamani sana isingeonyesha 4G kabisa na ingebidi ibadilishwe kwanza. Akanipigia. Simu yangu ilipoanza kuita tukatazama kioo chake: 4G imeondoka, imebaki E. Tukaingia kwenye mipangilio ya mtandao, tukakuta VoLTE imezimwa, tukaiwasha, akapiga tena. Ikashuka vilevile. Sababu ya kawaida ya hali hiyo ni kwamba mtandao haujaifungulia aina hiyo ya simu huduma ya sauti, hata kama boksi limeandikwa VoLTE kwa herufi kubwa. Kitochi cha pili, cha chapa nyingine, kilibaki kwenye 4G mazungumzo yote.

"Basi hicho," nikamwambia.

"Na kule nyumbani simu yako huwa inaandika nini?" akaniuliza.

Kule nyumbani kwake simu zote huandika E, isipokuwa ukipanda hadi kwenye mwembe. Shangazi akanunua kitochi cha 2G cha bei ya chini kuliko vyote dukani, akapokea chenji yake, akanikabidhi mfuko wa sukari nimbebee. Mteja wangu alishindwa kesi na ndugu yake mdogo, tena mbele ya wakili wake.

Kuhusu fedha sina haja ya kusema mengi. Menyu za nyota na reli, kama *150*00# ya M-Pesa, hazihitaji data wala simu ya 4G, na zinafunguka kwenye kitochi chochote. Wezi nao hawabagui. Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" unafika kwenye kitochi ukiwa mzima, haujapungua hata herufi. Angalizo moja tu: kisanduku cha meseji cha kitochi ni kidogo, na kikijaa matangazo, ujumbe mpya wa kuthibitisha malipo unangoja nje. Futa mara kwa mara.

Kosa moja siwezi kulitetea. Kuna vitochi vya 4G vinavyotumia mfumo wa KaiOS, na mwaka 2019 vilifunguliwa WhatsApp. Watu wakavinunua kwa ajili hiyo tu. Mwaka 2024 WhatsApp ikaondolewa kwenye duka la programu la mfumo huo, asiyekuwa nayo asiweze tena kuipakua. Muuzaji atakayekwambia leo kwamba kitochi chake kina WhatsApp, mwambie akuwashie, akuingizie namba yako, atume ujumbe ufike. Kwa hiyo kama binti yako yuko Muscat na njia yake ya kukupigia ni WhatsApp, sifa zangu zote hapo juu hazikuhusu. Chukua simu janja, hata ya bei ya chini, ukubali kuichaji kila siku na kufuta picha za "asubuhi njema" kila wiki. Ila ukiichukua kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo, jua kwamba nyingi zinafungwa kwa mbali siku usipolipa, na simu iliyofungwa inapitwa hata na kitochi kisicho na tochi.

Kwa anayepiga na kuandika tu, hukumu yangu ni hii. Kitochi cha 4G kinastahili bei yake pale ambapo 4G inaingia mpaka ndani ya nyumba yako na 2G inasuasua, na pale ambapo simu hiyohiyo, ikiwa na laini yako, inabaki kwenye 4G wakati wa mazungumzo. Pasipo hayo mawili, kitochi cha 2G kitafanya kazi ileile. Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani azima simu ya jirani ya 4G yenye mtandao wako, keti nayo pale unapolala, utazame imeandika nini. Ukifika dukani piga simu ya majaribio ukiwa bado umeshika hela yako mkononi, maana vitochi vilivyokwisha kutumika wauzaji wengi hawavipokei tena.