Saa 48 za Nani?

Mimi ni mtu wa jasho. Wenzangu hapa Kibaha hutoka jasho wakibeba mzigo. Mimi hutoka jasho nikiulizwa tu kama naweza kubeba. Mwezi wa Januari nikifika kituo cha Maili Moja saa moja asubuhi, shati limeshachora ramani mbili, moja kila kwapa, na mipaka yake inapanuka kabla gari halijafika Kiluvya. Joto peke yake ningelivumilia. Tatizo ni unyevu. Hewa ya Pwani imeshiba maji, kwa hiyo jasho halina pa kukaukia. Linakaa palepale, linalowanisha shati, wala halikupoozi ipasavyo.

Kwa mtu wa aina yangu, duka la vipodozi ni mahali pa mateso. Binti muuzaji hunipokea kwa heshima zote: “Karibu, baba. Unapenda ya harufu gani?” Harufu gani! Sikuja kutafuta harufu, nimekuja kutafuta ukavu. Haidhuru, ananipulizia moja kiganjani, nyingine kwenye mkono wa shati, halafu ananipa roloni yenye picha ya kijana anayeruka juu. “Hii ndiyo mwisho, baba. Saa 48.”

Nikamuuliza, saa 48 za nani? Za mtu aliyekaa ofisini Ulaya chini ya kiyoyozi, au za mtu anayegombea gari pale Mbezi, kisha anasimama hadi Gongo la Mboto na kuunganisha tena mpaka Kisarawe? Akacheka, akasema baba una maneno.

Ninayo, ndiyo. Upande wa mbele wa chupa ni wa kuuzia. Mimi nataka upande wa nyuma, ule wenye maandishi ya sisimizi, na ndio huohuo maduka mengi hubandika bei juu yake.

Jasho la kwapa likitoka halinuki. Kikwapa huja baadaye, bakteria wanaoishi pale wakishalila na kuacha mabaki yao. Ndiyo maana kuna bidhaa za aina mbili rafu moja, na muuzaji anaziita zote “deodoranti”. Ya kwanza ni deodoranti kweli: ina pombe au dawa nyingine ya kuwapunguza bakteria, pengine chumvi ya zinki ya kunasa harufu, na manukato ya kufunika kinachobaki. Hiyo kwa jasho lenyewe haina habari. Utanukia vizuri, umelowa chapachapa. Ya pili ni kizuia jasho, na kinachofanya kazi humo ni chumvi ya aluminiamu. Geuza chupa utafute herufi A-L-U-M-I-N mwanzoni mwa orodha. Usipoziona popote, chupa hiyo haitapunguza jasho, hata kijana wa kwenye picha aruke mpaka mawinguni.

Kazi ya chumvi hiyo ni rahisi kuielewa. Inayeyuka ndani ya jasho, inaingia kwenye mdomo wa kile kijitundu cha ngozi, inaganda na kuwa ute mzito, na ute huo unaziba njia. Baada ya siku kadhaa ngozi inajibadilisha, kizibo kinatoka, nawe unapaka tena. Jasho lililozuiwa kwapani halikuletei hatari, kwa sababu kwapa ni eneo dogo na mwili una ngozi tele ya kujipooza. Ila msije mkajipaka mgongo mzima! Kwenye joto letu mgongo lazima utoe jasho, na wangu unaitimiza kazi hiyo kwa bidii ambayo sijawahi kuionyesha ofisini.

Halafu kuna suala la nguvu. Kwa kanuni za Marekani, ambako kizuia jasho huhesabiwa kuwa dawa, bidhaa inatakiwa ipunguze jasho kwa angalau asilimia 20, tena kwa nusu tu ya wanaojaribiwa. Inayojiita ya nguvu zaidi inatakiwa kufika 30. Sasa piga hesabu. Mtu wa jasho la kawaida akipunguziwa moja ya tano, anafurahi. Mimi ukinipunguzia moja ya tano, zimebaki nne, na hizo nne zinatosha kumwagilia mchicha. Kumbe si lazima roloni iwe bandia ndipo ishindwe. Imefanya ilichoahidi, mimi ndiye niliyezidi kipimo chake.

Kwa hiyo tusome zaidi ya zile herufi. Roloni nyingi za madukani zina aluminiamu klorohidreti. Hii ni mpole, kwa kuwa asidi yake imepunguzwa kiwandani. Inaganda juujuu, haiwashi sana, na inamtosha mtu wa kawaida. Zile za kusugua, ngumu kama mshumaa, mara nyingi zina aluminiamu iliyochanganywa na zikoniamu, nazo huwa na nguvu kidogo zaidi. Ya tatu ndiyo ya sisi wagonjwa wa ramani: aluminiamu kloraidi, AlCl₃ kwa lugha ya maabara. Hii ni kali, inashuka chini zaidi kijitunduni kabla ya kuganda, na kizibo chake kinadumu. Huuzwa famasi, si kila famasi, na kwa wenye jasho jingi huwa ya asilimia 10 hadi 20. Usidanganywe na asilimia peke yake: 20 ya klorohidreti na 20 ya kloraidi si mtu na ndugu yake.

Ukali huo mpwa wangu wa Kisarawe anaweza kuusimulia kuliko mimi. Kijana anaendesha bodaboda, jasho ni la ukoo, na Jumamosi moja alikuwa msindikizaji wa bwana harusi. Akapata kichupa cha asilimia 20. Asubuhi ya harusi akanyoa kwapa, akaoga, akajifuta nusunusu kwa haraka, akapaka, akaona kimya, akapaka tena, akavaa suti. Saa sita mchana akanipigia simu.

“Shikamoo mjomba. Naungua!”

“Marahaba. Unaungua wapi?”

“Kwapani, mjomba. Siwezi kushusha mikono.”

Na picha za harusi zipo. Bwana harusi anatabasamu, na pembeni yake kijana amenyanyua viwiko.

Hakuna alichokosea kuchagua. Dawa ilikuwa ndiyo, saa ndiyo haikuwa. Aluminiamu kloraidi ikikutana na maji inatengeneza asidi ya haidrokloriki, aina ileile iliyomo tumboni. Kwapa lenye maji ya kuoga na michubuko ya wembe ni mahali pabaya kabisa pa kutengenezea asidi. Tena asubuhi tezi zimeshaamka: jasho linaisukuma dawa nje kabla haijashika. Amepata maumivu yote na faida hakuna.

Nilimwelekeza hivi. Suuza kwa maji mengi, pumzisha ngozi mpaka ipone. Halafu anza upya, usiku, unapokwenda kulala, maana usiku jasho la kwapa linapungua. Kwapa liwe kavu kabisa, si kavu la taulo. Kaa mbele ya feni kwanza, na umeme ukiwa umekatika jipepee na gazeti. Paka safu moja nyembamba, acha ikauke ndipo uvae. Asubuhi osha kwa sabuni. Kizibo kiko ndani, hakitoki kwa kuoga, kwa hiyo mchana ukitaka manukato jipulizie uyatakayo. Fanya hivyo kila usiku mpaka uone jasho limepungua, jambo linalochukua siku kadhaa hadi wiki hivi, kisha rudi kwenye mara moja au mbili kwa wiki. Wembe usiguse siku moja au mbili kabla ya kupaka. Ikiwasha, ruka usiku mmoja au miwili. Ikileta vidonda, acha uende kwa daktari.

Kijana sasa anavaa shati la bluu mpauko, rangi ambayo katika ukoo wetu ilikuwa haramu.

Mama yake, dada yangu, hakupendezwa. “Hayo madawa ya kizungu yana aluminiamu, yataleta kansa. Si utumie shabu tu, kitu cha asili?” Nikamwambia, dada, tafiti zimeitafuta hiyo kansa ya kwapani na hazijaleta ushahidi wa kuaminika. Anayepaswa kuuliza daktari kwanza ni mwenye ugonjwa wa figo. Na shabu yako hiyo, jiwe lililokuwa likitupwa kwenye mtungi ili maji ya kisima yatulie, ni salfeti ya aluminiamu na potasiamu. Kuna mawe ya namna hiyo yaliyochongwa vizuri na kufungwa vizuri, yanauzwa kwa bei ya kukuliza kwa jina la “asili, bila kemikali”, na ndani ni shabu ileile! Inapunguza bakteria, kwa hiyo kikwapa kinatulia, lakini kwa jasho la kumwagika ni dhaifu.

Na kama aluminiamu peke yake ingetosha, Kisarawe ingekuwa wilaya kavu kuliko zote. Vilima vya Pugu vina akiba kubwa ya kaolini, udongo mweupe wenye aluminiamu ndani yake. Lakini kaolini haiyeyuki majini, na kisichoyeyuka ndani ya jasho hakiwezi kugeuka kizibo. Jipake kilima kizima, utalowa vilevile, tena mweupe.

Kuna jambo moja ambalo hakuna chupa inayolitibu. Ukiwa hukuwa mtu wa jasho, halafu ghafla unaamka usiku shuka limelowa, unakohoa au unapungua mwili, hapo achana na roloni, nenda kituo cha afya ukapimwe kifua kikuu. Jasho lililoanza ukubwani pamoja na moyo kwenda mbio nalo lipelekwe hospitali, huenda tezi ya shingo ndiyo inayolalamika.

Sisi wengine, tuliozaliwa tunavuja, tuna ombi. Tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya TBS. Basi wakubwa wa TBS, pamoja nanyi waagizaji, tuandikieni kwa Kiswahili, mbele ya chupa, kwa herufi zinazosomeka bila miwani: hii inaondoa harufu, hii inazuia jasho, na hii ipakwe usiku. Na nyinyi wenye maduka, hiyo stika ya bei bandikeni kwenye kifuniko.