Shikamoo Kwanza, Cheo Kifuate

Mgeni anayehamia Arusha huonywa kuhusu baridi ya Juni na machalii wa mjini, lakini hakuna anayemwonya kuhusu vyeo. Apande daladala ya Usa River asubuhi, ataelewa. Barabara ya kwenda Moshi inapita karibu na Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, halafu Chuo cha Makumira cha Walutheri, na hapohapo Usa kuna Chuo Kikuu cha Arusha cha Waadventista. Ongeza hospitali, makanisa na misikiti. Ukisema kwa sauti "Samahani Profesa, naomba kushuka," na wasigeuke watu wawili, ujue vyuo vimefungwa.

Basi chukulia umealikwa kwenye kikao cha harusi Usa River. Chini ya turubai wameketi wanne usiowafahamu: daktari ambaye ni binti wa miaka kama ishirini na minane, profesa mwenye mvi, mchungaji wa KKKT ambaye ni mama wa makamo, na shehe ambaye ni jirani wa baba wa bwana harusi. Wewe una miaka thelathini na tano na shati limepigwa pasi. Unaanzia wapi?

Usianze na cheo. Kosa la wageni wengi ni kudhani cheo na heshima ni kitu kimoja, wakati hapa ni vipimo viwili. Shikamoo inafuata umri, cheo kinafuata kazi, na kila kimoja kina njia yake. Nenda wodini Mount Meru ukajionee. Daktari kijana anamwinamia bibi aliyelazwa: "Shikamoo bibi." Bibi anajibu: "Marahaba daktari, hujambo?" Kila mmoja amempa mwenzake kilicho chake na hakuna aliyepungukiwa. Kwa hiyo mzee wa mvi umwambie "Shikamoo Profesa," kwa mpangilio huohuo. Ukitanguliza "Profesa, shikamoo," utasikika kama mwanafunzi anayetafuta alama.

Binti daktari usimpe shikamoo. Utamzeesha mbele ya wachumba. "Habari za kazi, Daktari" inatosha, na usishangae yeye akikupa wewe shikamoo. Hatari yako hapa ni nyingine. Katika korido ya hospitali, kila mwanamume mwenye koti jeupe huitwa Dokta, awe tabibu, mtu wa maabara au kijana aliyetumwa kupeleka faili, na hakuna anayelalamika kupandishwa. Mwanamke mwenye koti hilohilo huitwa Sista, hata kama ni bingwa wa upasuaji na ndiye atakayekufungua tumbo kesho asubuhi. Usipojua, mwite Daktari. Kama ni muuguzi atakusahihisha huku anacheka, na sindano yako itachomwa taratibu.

Kwa mchungaji, salamu ni "Bwana asifiwe," naye ataitika "Amina," halafu ndipo umwongezee shikamoo. Mchungaji wako wa leo ni mwanamke, na hapo ndipo wajuaji huteleza. Mazoea ya miaka mingi yamefanya "Mama Mchungaji" kuwa mke wa mchungaji, yule anayepokea wageni na kuongoza umoja wa wanawake. Huyu aliyeketi mbele yako amewekewa mikono mwenyewe. Mwite "Mchungaji" tu, kama ambavyo ungemwita mwanamume. Mumewe, kama yupo, mwite kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Tayari amechoka kuulizwa yeye anahubiri wapi. Padri usimwite mchungaji, huyo ni Padri au Fada, na salamu yake ni "Tumsifu Yesu Kristo." Na ukikutana na mtu wa makanisa mapya ambaye hujui kama ni mwinjilisti, nabii au mtume, sema "Mtumishi." Cheo chochote atakachojipa mwezi ujao, hilo litakuwa bado linamtosha.

Shehe mpe "Asalaam aleikum," hata kama wewe ni Mkristo. Ataitika na kukuheshimu zaidi. Kama ulimi unakugomea, "Shikamoo Shehe" haijawahi kumuudhi mtu. Wewe uliye mwanamke, usiwahi kunyoosha mkono, subiri uone kama yeye ataunyoosha. Na si kila kanzu ni shehe. Kijana anayefundisha madrasa ni Ustadhi au Maalim, na katika muundo wa BAKWATA kuna shehe wa kata, wa wilaya na wa mkoa. Ukimwita kijana wa kanzu "Shehe" mbele ya shehe wa wilaya, kijana ndiye atakayetoka jasho.

Sasa tuje kwenye kuacha cheo. Wageni wanadhani kuacha cheo ni kuhamia kwenye jina. Sivyo. Ukitoka kwa "Profesa" ukaenda moja kwa moja kwa jina lake la ubatizo, turubai zima litanyamaza na mama wa jikoni ataacha kugeuza loshoro. Huku cheo hakivuliwi mtu akabaki mtupu; kinabadilishwa na vazi la nyumbani. Profesa anakuwa Baba Neema. Daktari anakuwa dada, au shangazi kwa watoto wako.

Dalili ya kwamba wakati umefika haitoki kwako, inatoka kwake. Atakuuliza wewe ni mtoto wa nani. Atauliza kwenu mna ng'ombe wangapi, au migomba yenu ilistahimili kiangazi. Atakuita "mwanangu." Hata hapo usikurupuke: pitia kituo cha katikati, "Prof," ukae nacho mwezi mzima. Akijitaja mwenyewe kwenye simu, "Ni mimi, Baba Neema," mlango umefunguliwa.

Mfano mkubwa kuliko wote mkoa huu umeshauona. Mwaka 2011 Ambilikile Mwasapila, mchungaji mstaafu wa KKKT, alikuwa akitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500 kijijini Samunge, Loliondo, na foleni ya magari ikaenda kilomita nyingi. Nchi nzima ilimwita Babu. Hakuna aliyeona kwamba uchungaji umeshushwa, kwa sababu babu ni wa kila mtu na mchungaji ana usharika wake. Alipofariki mwaka 2021, wengi walimlilia Babu wa Loliondo bila kujua majina yake mawili.

Wako watu wachache wanaoruhusiwa kumwita profesa kwa jina tupu: kaka zake, waliosoma naye shule ya msingi, na kwa Waarusha, wanaume wa rika lake. Waliotahiriwa pamoja wanataniana mpaka uzeeni, na shahada haina kauli hapo. Ukimsikia mzee mwenye lubega akimwambia profesa "wewe muoga wa ng'ombe," cheka kwa adabu na usirudie.

Na cheo kilichoachwa kinarudi. Mbele ya wanafunzi wake Baba Neema ni Profesa, mbele ya wagonjwa dada ni Daktari, na msibani kila mtu anarudishiwa chake kabla jeneza halijatoka ndani. Zaidi ya yote kinarudi kwenye kipaza sauti. Mwenyekiti wa kikao akikupa nafasi ya kusema, utaona wanne wote wanakutazama kuona utaanza na nani, na wapo diwani na mwenyekiti wa kitongoji ambao ulikuwa hujawaona nyuma ya nguzo. Simama, vuta pumzi, sema "itifaki imezingatiwa," taja ahadi yako ya mchango, keti.