Bonasi Haitoki, Inaingia

Tarehe 30 Desemba niliingia ofisini kwa wakala anayeniuzia saruji, begani nimebeba kiroba cha risiti za mwaka mzima. Shati jeupe nimelipiga pasi. Mtu anayekwenda kudai chake hapendezi kuonekana ana njaa.

Ahadi yenyewe ilikuwa hivi. Mwezi wa kwanza bosi wao aliniandikia nyuma ya ankara, kwa mkono wake: nikinunua mifuko 3,000 kwa mwaka, bonasi ni shilingi 100 kwa kila mfuko, nikifika 4,000, ni shilingi 200. Utamu uko kwenye hilo neno "kila". Ukishagusa 4,000, ile mia mbili inarudi nyuma hadi mfuko wa kwanza ulioununua Januari, haiishii kwenye iliyozidi. Kwa hesabu yangu nilikuwa na mifuko 4,200, sawa na shilingi 840,000. Mke wangu nilishamwambia mwaka mpya utatukuta juu ya makochi mapya. Rangi alikuwa ameshachagua.

Dada wa mahesabu hakukigusa kiroba changu. Alichapa stetimenti ya akaunti yangu, akapiga mstari chini ya jumla: 3,890.

"Dada, kompyuta yako imemeza mifuko yangu 310."

"Kaa, kaka. Tuitafute."

Tukaitafuta. Mifuko 60 nilikuwa nimenunua kwa mshindani wao, wiki ile wao walipoishiwa, na risiti yake nikaitumbukiza humo humo. Dada alilisoma jina la duka kwa sauti, ofisi nzima ikanigeukia. Mifuko 70 ni ile iliyofika imeganda kwa mvua wakanibadilishia. Mimi nikahesabu iliyoganda, kisha nikahesabu iliyokuja badala yake. Kwenye daftari langu saruji mbovu ilikuwa imezaa.

Ikabaki 180, na hiyo kweli ilikuwa yangu. Mara tatu nilimtuma mdogo wangu na fedha taslimu, Kanta ya kukodi, mifuko 60 kila safari. Akiulizwa jina la mteja, yeye hujibu, "Andika tu." Nao waliandika tu: mteja wa taslimu. Akaunti yangu itajuaje?

"Nipe risiti," dada akasema. "Nitalinganisha tarehe na daftari la getini, mlinzi huandika namba za magari."

Nikazama kirobani hadi kwenye viwiko. Ya kwanza ilisomeka, na getini ikakutwa. Lakini karatasi ya mashine ya EFD huchapwa kwa joto, na jua huifuta maandishi, na hizo mbili zilizobaki nilikuwa nimezihifadhi kwenye dashibodi ya pikapu tangu Machi. Zilikuwa zimetoka safi kuliko shati langu. Nikaziinua dirishani kwenye mwanga. Nilichoona ni kivuli cha vidole vyangu.

Jumla mpya: 3,950. Nimepungukiwa na mifuko 50.

Huyu dada, Mungu ambariki, akanisogezea kikokotoo. Nilivyo sasa, napata 395,000. Nikifika 4,000, napata 800,000. Mifuko 50 ya mwisho inaniongezea 405,000, na bei yake yote, kwa 16,500 mmoja, ni 825,000. Ukitoa nyongeza hiyo, ni sawa na kuununua mfuko kwa 8,400. Ningekuwa mjinga kuiacha. Sharti lilikuwa moja: ankara iwe ya mwaka huu, na mzigo upite getini mwaka huu. Kulipia ukaacha saruji kwao hakuhesabiki.

Kwenye simu nilikuwa na akiba ya makochi, shilingi 850,000. Nikabonyeza namba ya siri haraka kabla sijamkumbuka mke wangu.

"Haya dada, bonasi inatoka lini?"

"Haitoki, kaka. Inaingia."

Inaingia kwenye akaunti. Nilikuwa nadaiwa 600,000 za mzigo wa Novemba, basi hizo zinakatwa kwanza. 200,000 zinazobaki nitapunguziwa kwenye mzigo ujao. Nilitafuta kwenye ankara ya bosi mahali palipoandikwa "taslimu". Hapakuwapo.

Stoo ya dukani ilikuwa imejaa, na saruji huwezi kuilaza nje msimu huu. Inataka pakavu, mbao chini, mbali na ukuta. Nyumbani pakavu pa namna hiyo ni pamoja tu, sebuleni, pale tulipoacha nafasi ya makochi.

Mke wangu hakusema neno. Jioni ya tarehe 31 aliitandika ile mifuko vitambaa vyake vya kufuma, vile alivyoviandaa kwa ajili ya makochi, akaweka na mito. Shemeji yangu alifika wa kwanza, akakaribishwa, akakaa. Alijisogeza kidogo kushoto, kidogo kulia.

"Mazuri," akasema. "Ila mwambieni fundi sponji amebana."